Dhahabu ilipanda, shilingi zikapungua: kengele ya bei niliyoijenga kwa ajili ya mjomba

Mwanzoni mwa 2024 mjomba wangu, sonara mwenye karakana ndogo kando ya River Road, Nairobi, alikuwa na dhahabu kuukuu ya karati 18 aliyoinunua kwa wateja, kama gramu 80 hivi. Aliiweka akisubiri. Kila asubuhi alifungua simu, akatazama bei ya dunia, akaona imepanda tena, akafunga droo. Mimi ndiye ninayemwekea hesabu za duka, na kila nilipomuuliza kuhusu pesa ya kodi ya chumba alinijibu, "Ngoja ipande kidogo, mama. Hii haishuki."

Haikushuka kweli. Lakini alipoiuza mwishoni mwa Machi, shilingi alizopokea zilikuwa pungufu ya zile ambazo angepata Januari. Alidhani mnunuzi amemlalia. Akarudi na kikaratasi cha mizani, tukakaa kwenye benchi la kazi, jiwe la kupimia na chupa ya tindikali zikiwa zimesukumwa pembeni, tukapiga hesabu upya tangu mwanzo. Hakuna aliyemlalia mtu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia moja ya dhahabu safi ilikuwa karibu dola 2,040, na dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Wakia inayotumika kwenye dhahabu ni ya troi, yenye gramu 31.1035. Ukigawanya kwa gramu 28.35, yaani wakia ya kawaida, bei ya gramu itatoka juu kwa karibu asilimia 10 na hutajua kosa limetoka wapi. Basi 2,040 ukigawa kwa 31.1035 unapata dola 65.59 kwa gramu. Ukizidisha kwa 160 unapata karibu shilingi 10,490 kwa gramu ya karati 24. Karati 18 ni robo tatu yake, kama shilingi 7,870.

Mwishoni mwa Machi wakia ilikuwa imefika karibu dola 2,230. Kwa dola, hiyo ni nyongeza ya asilimia 9. Lakini dola nayo ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 132. Fanya hesabu ileile: shilingi 9,460 kwa gramu ya karati 24, na kama 7,100 kwa karati 18. Kila gramu ilipoteza zaidi ya shilingi 770. Kwa gramu 80, hizo ni zaidi ya shilingi elfu sitini zilizoyeyuka huku simu ikimwonyesha mshale wa kijani kila siku.

Kilichotokea si siri. Februari mwaka huo serikali ya Kenya iliuza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, ikatumia fedha hizo kununua sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikapungua, waliokuwa wameficha dola wakaanza kuziuza, na shilingi ikapata nguvu kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Mjomba aliyasikia hayo yote redioni. Hakuna aliyemwambia kwamba yanaihusu droo yake.

Hapo ndipo nilipoamua kujenga kitu kitakachomwambia kila usiku bei ya gramu kwa shilingi, na kumwamsha ikiruka. Nilikuwa najua Python kidogo kutokana na kazi ya hesabu. Mtambo wenyewe ulikuwa mwepesi. Kilichonichosha ni kujifunza ni namba gani zinastahili kuaminiwa.

Msingi wake ni mfupi. Kuna maktaba ya bure inayoitwa `yfinance` inayosoma bei kwa alama: `GC=F` ni dhahabu ya soko la New York, `BZ=F` ni mafuta ghafi ya Brent, niliyoyaongeza baadaye kwa ajili ya kaka yangu, na `KES=X` ni shilingi kwa dola moja.

```python
import yfinance as yf

def bei(alama):
    h = yf.Ticker(alama).history(period="5d")["Close"].dropna()
    return h.index[-1].date(), float(h.iloc[-1])
```

Naomba bei za siku tano ingawa nahitaji moja tu, kwa sababu ukiomba ya siku moja wakati wa sikukuu ya Marekani unarudishiwa utupu na programu inakufa. Pamoja na bei narudisha tarehe yake. Tarehe ikiwa ileile ya jana, soko halikufunguliwa, na programu haina la kusema. Bila hilo, ingeripoti sikukuu kama siku tulivu yenye mabadiliko ya sifuri.

Kila usiku bei hizo tatu huandikwa kwenye faili langu mwenyewe, na jana ninayolinganisha nayo huwa ni ile niliyoiandika mimi, saa ileile. Hili nalisisitiza kwa yeyote atakayejaribu. Soko la dhahabu la New York hufunga kwa saa moja tu kwa siku, likaanza siku mpya usiku wa manane wetu, kwa hiyo ukisoma asubuhi Nairobi unaweza kukuta mstari wa mwisho ni wa siku ambayo ndiyo kwanza imeanza. Ukiulinganisha na siku nzima iliyotangulia, unapima kitu kingine kabisa. Nilichagua saa tano usiku. Bei ya kufungia ya Brent hupatikana saa tatu na nusu usiku kwa saa zetu wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa nne na nusu wakati wa baridi, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Saa tano inatosha misimu yote miwili. Seva niliyokodi hufuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo ratiba inasomeka hivi:

```
0 20 * * 1-5 /usr/bin/python3 /home/duka/bei.py
```

Jumatatu hulinganishwa na Ijumaa, na mruko wa wikendi nzima huhesabiwa kama wa siku moja. Nimeuacha hivyo kwa makusudi. Kwa sonara aliyefunga duka Jumamosi na kufungua Jumatatu, hicho ndicho kilichomkuta.

Kiini cha mambo yote ni mistari hii:

```python
def badiliko(leo, jana):
    return (leo / jana - 1) * 100

d_dunia = badiliko(au_leo, au_jana)
d_fedha = badiliko(fx_leo, fx_jana)
d_kes = badiliko(au_leo * fx_leo, au_jana * fx_jana)
```

Kengele husikiliza `d_kes` peke yake. Lakini ujumbe huonyesha zote tatu, kwa sababu mjomba anahitaji kujua mruko umetoka wapi. Mruko uliotoka New York unamgusa kila sonara duniani. Uliotoka kwenye shilingi unamgusa yeye na jirani zake tu, na huenda aliyempa oda kutoka nje bado yuko tayari kulipa kwa dola ileile. Ukimpa jumla tupu unamnyima nusu ya habari.

Kiwango cha kuamsha nacho kilihitaji subira. Nilianza na asilimia 1 kwa dhahabu na mafuta, na simu haikutulia. Dhahabu katika nyakati za kawaida hucheza karibu asilimia 1 kwa siku, na mafuta karibu asilimia 2, kwa hiyo kengele ya asilimia 1 kwenye mafuta ni kelele za kila siku. Mjomba akaizima simu, na hilo ndilo baya zaidi linaloweza kutokea, kwani kengele iliyozimwa haimfai mtu. Sasa dhahabu huamsha ikivuka asilimia 2 kwa shilingi, na mafuta asilimia 5. Mwaka ukichafuka nitazipandisha.

Ila kuna hatari ambayo kengele ya siku moja haiwezi kuiona kamwe. Rudi kwenye Machi 2024. Siku nyingi za mwezi ule shilingi ilisogea kidogokidogo, chini ya asilimia 1 kwa siku, na hakuna hata moja ya siku hizo ambayo ingepita kiwango changu. Droo ingetoboka polepole bila mlio. Ndiyo maana kuna kengele ya pili: programu hukumbuka bei ya shilingi ya siku iliyolia mara ya mwisho, na bei ya leo ikiwa imeachana na hiyo kwa asilimia 5, kwa njia yoyote na kwa muda wowote, inalia. Mimi naiona hii kuwa muhimu kuliko ya kwanza, ingawa nilichoombwa kilikuwa ile ya kwanza.

Kengele za uongo zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye huduma fulani ya bure ya viwango vya fedha niliyoitumia mwanzoni. Usiku mmoja ilileta shilingi ikiwa imeruka karibu asilimia 8, dhahabu na mafuta vikaruka pamoja kwa kiasi kilekile, na mjomba akanipigia usiku wa manane akiuliza kama kuna vita. Dalili ilikuwa hapohapo kwenye ujumbe: bidhaa mbili zisizo na undugu zikiruka sawasawa, huku safu ya dunia ikiwa karibu sifuri, tatizo liko kwenye kiwango cha dola. Tangu hapo, `d_fedha` ikizidi asilimia 2 programu hailii moja kwa moja. Inanitumia mimi kwanza, nami asubuhi naangalia kiwango rasmi kinachotolewa na Benki Kuu ya Kenya kabla ya kumwambia mtu. Februari 2024 ilithibitisha kwamba mruko wa namna hiyo unaweza kuwa wa kweli, kwa hiyo siutupi. Nauchelewesha tu.

Aina ya pili ilitoka kwenye mafuta, na ilinichukua muda kuielewa. Alama ya `BZ=F` si bei ya pipa lililoko mahali fulani. Ni bei ya mkataba wa mwezi ulio karibu, na mkataba ukiisha, alama huhamia wa mwezi unaofuata. Mwisho wa Juni 2025, kwa mfano, mkataba wa Agosti ulimalizika karibu na dola 67.6 wakati ule wa Septemba ukiwa karibu na 66.7. Ukiruka kutoka huu kwenda ule unaona mafuta yameshuka zaidi ya asilimia 1, na hakuna aliyeuza wala kununua kwa bei hiyo ya kushuka. Miezi mingine pengo huwa kubwa zaidi. Dawa yake ni kulinganisha mkataba uleule siku zote mbili, kwa kuutaja kwa jina lake, `BZU25.NYM` kwa ule wa Septemba 2025. Herufi ya tatu ni ya mwezi na tarakimu ni za mwaka.

Hapohapo niseme kwa nini nilichagua Brent na kuacha `CL=F` ya Marekani. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa Mei wa mafuta ya Marekani ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri, kwa sababu maghala ya Cushing, Oklahoma, yalikuwa yanajaa na waliokuwa wameshika mkataba hawakuwa na pa kuyapeleka mafuta. Brent siku ile ilikuwa karibu dola 25. Fomula ya asilimia ikipewa jana iliyo chini ya sifuri hutoa jibu lisilo na maana, bila kulalamika. Nimeweka mstari wa kusimamisha programu bei yoyote ikiwa sifuri au chini yake.

Mafuta yaliingia kwenye mpango huu kwa sababu ya kaka yangu, mwenye kanta mbili za kubeba mizigo kutoka Eneo la Viwanda. Aliposikia mjomba ana kengele, naye akataka yake. Kwake nikakuta jambo ambalo dhahabu haikunifundisha.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025, baada ya Israeli kuishambulia Iran, kengele ya mafuta ililia: Brent ilikuwa imepanda asilimia 7, kutoka karibu dola 69 hadi 74. Kaka alitaka kuwapigia wateja wake Jumamosi asubuhi awapandishie nauli ya mzigo. Nikamsihi angoje tangazo. Kesho yake ilikuwa tarehe 14, siku ambayo EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, hutangaza bei za juu za pampu zinazoanza tarehe 15 na kudumu hadi 14 ya mwezi unaofuata. Dizeli Nairobi ilitangazwa shilingi 162.91. Vita havikuwamo kwenye namba hiyo hata kidogo, wala havingeweza kuwamo, kwa sababu bei hujengwa kwa gharama ya shehena zilizokwisha kuteremshwa Mombasa. Kenya haisafishi tena mafuta ghafi. Kiwanda cha Mombasa kilisimama 2013, na tunachonunua ni dizeli na petroli zilizokwisha kusafishwa.

Kufikia tarehe 24 Juni, baada ya tangazo la kusitisha vita, Brent ilikuwa imerudi karibu dola 67, chini ya ilikoanzia. Kaka akapumua. Kisha tarehe 14 Julai EPRA ikatangaza dizeli shilingi 171.58, nyongeza ya shilingi 8.67 kwa lita. Alinipigia kwa hasira: mafuta yameshuka duniani, huku yanapanda vipi? Jibu ni kwamba tangazo la Julai lilibeba shehena za Juni. Wastani wa gharama ya kufikisha dizeli nchini ulikuwa umepanda kutoka karibu dola 581 hadi 617 kwa mita ya ujazo. Kengele ya Juni ilisema kweli, ila habari yake ilikuwa ya mwezi uliofuata.

Na hata hiyo asilimia 7 haihami nzima hadi pampuni. Dola 617 kwa mita ya ujazo ni kama shilingi 80 kwa lita. Kati ya shilingi 171.58, zinazobaki ni ushuru, tozo ya barabara ya shilingi 25, VAT, usafirishaji na faida ya wauzaji, ambazo nyingi hazijali bei ya Brent. Kwa hiyo nilimpa kaka kipimo kimoja cha kichwani. Pipa lina lita karibu 159. Dola ikiwa karibu shilingi 129, kila dola moja inayoongezeka kwenye pipa ni kama senti 80 kwa lita, au karibu senti 95 ukiweka VAT. Pipa likipanda dola 5 na kubaki huko mwezi mzima, atarajie shilingi nne au tano kwa lita. Neno lenye uzito hapo ni kubaki.

Kwa sababu hiyo ujumbe wa kaka sasa haufanani na wa mjomba. Hupata wastani wa Brent kwa shilingi wa mwezi uliokwisha, ukilinganishwa na wastani wa mwezi ulioutangulia, na hutumwa tarehe 12, siku mbili kabla ya tangazo. Kengele ya mruko wa siku nimemwachia, lakini imeandikwa chini yake: "Haibadilishi bei ya pampu kabla ya tarehe 15." Wastani huo hauwezi kukisia ruzuku wala mabadiliko ya kodi, na nimemwambia hivyo. Tofauti yake na tangazo ikiwa kubwa, tunatafuta kwanza kilichobadilika kwenye kodi.

Kwa mjomba, kengele ililia sana tarehe 21 Oktoba 2025. Dhahabu ilikuwa imepanda mwaka mzima, na siku iliyotangulia ilifunga karibu dola 4,359. Usiku huo ikawa karibu 4,109. Ujumbe ulisomeka hivi:

```
DHAHABU 24K   KES 17,070/g
Kwa KES: -5.7%
Dunia: -5.7%   Dola/KES: 0.0%
```

Shilingi ilikuwa imekaa kwenye 129 na ushei kwa miezi, kwa hiyo mara hii safu ya dunia ilieleza kila kitu. Kila gramu ya karati 24 ilikuwa imeshuka zaidi ya shilingi 1,000 kwa siku moja. Asubuhi yake kulikuwa na bibi harusi mtarajiwa na mama yake waliokuja kulipia seti ya karati 18 waliyopewa bei juma lililopita. Mjomba alitazama simu, akawaambia bei ya dhahabu imeshuka, akaifanyia upya hesabu ya gramu mbele yao, na gharama ya ufundi akaiacha ilivyokuwa. Yule mama akaongeza pete.

Gharama za mtambo mzima ni ndogo: kodi ya seva kila mwezi, basi. Ujumbe hupita kwenye Telegram, ambako kutengeneza akaunti ya roboti ya kutuma ujumbe ni bure. Nilikuwa nimeanza na meseji za kawaida za simu, nikaziacha kwa sababu kila moja inalipiwa. Mjomba alilazimika kununua simu nyingine, na hilo ndilo lililokuwa ghali kuliko yote.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni ujumbe wa kila Ijumaa, hata kama hakuna kilichoruka: bei ya gramu, bei ya pipa, kiwango cha dola, na tarehe ya kila kimoja. Seva iliwahi kujizima baada ya malipo kuchelewa, na kwa siku kadhaa mjomba aliuchukulia ukimya kuwa utulivu wa soko. Sasa Ijumaa ikipita bila ujumbe, ananipigia yeye kabla sijagundua.